Video Fupi Darasani: Isimamishe Kabla Jibu Halijaonekana

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vigawiwe kwa walimu wa Tanzania, swali moja limekuwa likizunguka ofisini kwa walimu na kwenye makundi ya wazazi: mwalimu akionyesha video, amefundisha au amepumzika? Wapo wazazi wanaosikia watoto wakisema "leo tuliangalia video" na kuhesabu kipindi hicho kuwa kimepotea. Wapo walimu nao wanaoamini kwamba video nzuri hujieleza yenyewe, hivyo kazi yao ni kuhakikisha umeme upo na sauti inafika nyuma ya darasa. Pande zote mbili zinajadili kifaa. Ninachotaka kueleza hapa ni yale yanayofanyika kabla ya video kuwashwa, inaposimamishwa, na baada ya kuzimwa, kwa sababu humo ndimo mwanafunzi anapojifunza au kukosa kujifunza.

Kwanza tukubaliane maneno. Video fupi ninayoizungumzia ni kipande cha dakika mbili hadi tano kinachoonyesha jambo moja. Si filamu ya nusu saa, wala si rekodi ya mwalimu mwingine akifundisha ubaoni. Maswali ya kabla ya kutazama ni maswali ambayo mwanafunzi anayajibu kwa maandishi video ikiwa bado haijaanza, hata kama jibu lake litakuwa si sahihi. Vituo ni sekunde mahususi ambazo mwalimu amezichagua mapema kusimamisha picha ili darasa lifanye jambo fulani. Kazi ya baada ya kutazama ni kazi ambayo mtu asiyeitazama video hawezi kuifanya vizuri. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndipo maandalio mengi ya somo yanapolegea.

Sasa kwa nini tusiwashe tu video ikaenda mpaka mwisho? Kwa sababu picha inayotembea haimsubiri mtu. Maandishi ya kitabuni unaweza kurudi juu ukasoma tena, mchoro wa ubaoni unabaki pale. Video ikishapita imepita, na wakati mwanafunzi bado anafikiria alichokiona sekunde ya thelathini, ya arobaini imeshamfuata na ya hamsini iko njiani. Ni kama kula ugali: unakula tonge kwa tonge, unatafuna, unameza, ndipo unakata jingine. Mwaka 2001 watafiti Richard Mayer na Paul Chandler walichapisha jaribio lililotumia katuni fupi inayoeleza jinsi radi inavyotokea. Waliotazama sehemu kwa sehemu, kila mmoja akiendelea pale alipokuwa tayari, walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kutumia maarifa kuliko waliotazama mfululizo. Maneno na picha vilikuwa vilevile. Tofauti ilikuwa kusimama.

Lakini kusimama peke yake hakutoshi, na ushahidi mwingine unaonyesha kwa nini. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu majaribio ya fizikia yanayoonyeshwa mbele ya darasa. Wanafunzi waliotazama tu jaribio hawakuelewa dhana zaidi ya wale ambao hawakuliona kabisa. Walioulizwa kwanza wabashiri kitakachotokea, kisha wakatazama, ndio waliopiga hatua. Hayo yalikuwa majaribio ya moja kwa moja, si video, ila sababu ni ileile. Aliyebashiri ana kitu cha kulinganisha na anachokiona. Asiyebashiri anaona kila kitu na kukubali kila kitu, kisha anatoka na mawazo yaleyale aliyoingia nayo.

Tuchukue somo moja tulifuate hadi mwisho: Sayansi, darasa la sita, mada ya hatua za ukuaji wa mbu. Nimeichagua kwa sababu wanafunzi hufika wakiwa na imani iliyoshika mizizi, kwamba mbu wa malaria anazaliwa kwenye uchafu: takataka, mitaro inayonuka, mashimo ya vyoo. Wengine wameambiwa malaria inatokana na kunyeshewa mvua au kula maembe mabichi. Kitabu kinaweza kusema vingine, na mwanafunzi akaandika hivyo kwenye mtihani, huku nyumbani akiendelea kuamini lilelile la zamani.

Ukweli ni huu. Malaria huambukizwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Mmoja wa wale hatari zaidi Afrika, Anopheles gambiae, hupenda kutaga kwenye maji madogo yaliyotuama juani: dimbwi la mvua, alama za matairi barabarani, nyayo za ng'ombe. Ndugu yake, Anopheles funestus, hupenda maji ya kudumu yenye majani pembeni, kama kingo za mabwawa. Maji machafu ya mitaro na vyoo kwa kawaida ni makazi ya kuleksi, yule anayetupigia kelele masikioni usiku. Kuleksi anaweza kueneza matende na mabusha, lakini malaria haenezi. Zipo sehemu za mijini ambako anofelesi ameonekana hata kwenye maji yasiyo safi, kwa hiyo mwalimu asiseme "kamwe". Hata hivyo, kwa mtoto anayepita kando ya dimbwi safi kila asubuhi akidhani halina madhara, tofauti hii ni kubwa.

Mwalimu amepata video ya dakika kumi na moja. Haihitaji yote. Utangulizi wa muziki, historia ya ugonjwa na takwimu za dunia havimsaidii leo. Anachohitaji ni takriban dakika tatu na nusu: mayai juu ya maji, viluwiluwi wakipumua, pupa, kisha mbu mpevu akitoka kwenye ganda lake. Wapo wanaodhani kukata video ni kuwadhulumu watoto. Utakuta pia watu wakisema mtu hawezi kutazama zaidi ya dakika sita, na hilo limetokana na utafiti wa mwaka 2014 wa Philip Guo na wenzake kuhusu kozi za mtandaoni. Utafiti ule ulipima watu walitazama kwa muda gani kabla ya kuacha, wala haukupima walichojifunza, tena walikuwa peke yao mbele ya kompyuta. Usikate kwa kufuata saa. Kata kwa kuuliza: kipande hiki kinaonyesha kitu ambacho mchoro wa ubaoni hauwezi kukionyesha? Kama ni mtu anayeongea tu, mwalimu anaweza kuongea mwenyewe.

Maswali ya kabla ni mawili, hayazidi. La kwanza: mbu anayeambukiza malaria hutaga mayai wapi zaidi? (a) kwenye mtaro wa maji machafu, (b) kwenye dimbwi la mvua lililo juani, (c) kwenye rundo la takataka, (d) kwenye majani mabichi. Kila mtu anaandika herufi moja kwenye daftari, kimya, bila kushauriana. Ndipo mwalimu anahesabu mikono na kuandika idadi ubaoni. La pili: kiluwiluwi anaishi majini, je, anavuta hewa majini kama samaki au anapanda juu?

Angalia maswali haya yanavyotofautiana na yale tuliyoyazoea. Swali kama "Leo tutaona nini kwenye video?" halijibiki, na "Taja hatua nne za ukuaji wa mbu" ama mtoto anazijua au hazijui. Swali zuri la kabla linagusa jambo ambalo mtoto tayari ana maoni nalo, na linamlazimu kuchagua upande. Mwalimu hasemi nani amepata. Akisema, video imekwisha kabla ya kuanza. Na yasiwe mengi, kwa sababu swali huvuta jicho kwenye kile kilichoulizwa, yale mengine yakapita pembeni. Ukiwapa maswali kumi, watatazama daftari wakiwinda majibu, na hawataiona picha.

Sasa vituo. Makosa mengi hutokea hapa, na karibu yote ni ya aina moja: mwalimu anasimamisha video baada ya jambo kuonekana, kisha anauliza, "Mmeona nini?" Mtoto mmoja wa mbele anarudia maneno ya msimulizi, wengine wanaitikia, video inaendelea. Kituo cha namna hiyo ni imla. Kituo chenye faida kiko sekunde chache kabla jibu halijaonekana, pale ambapo darasa limeshapewa kila kinachohitajika ili kulifikiria, na bado halijalipata.

Kituo cha kwanza katika somo letu ni pale kamera inaposogea karibu na kiluwiluwi wa kuleksi. Ananing'inia kichwa chini, mwili umeinama, na mkiani ana mrija uliotoboa uso wa maji. Huo ndio mrija wake wa kupumulia. Mwalimu anasimamisha hapo, anazima sauti, na kusema: "Anofelesi hana mrija huu. Matundu yake ya kupumulia yako mgongoni, karibu na mkia. Chora mstari wa uso wa maji, kisha mchore kiluwiluwi wa anofelesi akiwa anapumua." Dakika mbili. Watoto wengi watamchora akining'inia vilevile, maana ndiyo picha iliyo mbele yao. Wachache wataanza kusumbuka: kama tundu liko mgongoni na hakuna mrija, mgongo wenyewe lazima ufike juu. Mwalimu anazunguka, hasahihishi, anachagua michoro miwili inayopingana na kuwaita wenyewe waichore ubaoni. Ndipo anawasha tena. Anofelesi anaonekana amelala sambamba na uso wa maji, mgongo juu, kama kijiti kinachoelea.

Katika sekunde hizo, utalisikia darasa. Waliochora vile wanashangilia, waliokosea wanarudi kwenye mchoro wao bila kuambiwa. Usiharakishe kueleza. Waulize tu: "Kwa nini alale hivyo?" Anayejibu kwa kutaja matundu na mrija ameelewa. Anayejibu "kwa sababu ndivyo alivyo" bado.

Kituo cha pili ni kwa pupa. Video inaonyesha kiluwiluwi akila vijidudu majini kwa kutikisa nywele za mdomoni, kisha anabadilika kuwa pupa mwenye umbo la alama ya mkato. Pupa hali chakula. Anapumua kwa vijirija viwili vilivyo upande wa mbele, si mkiani tena, na baada ya siku mbili au tatu hivi mbu mpevu anatoka. Mwalimu anasimamisha pupa akiwa bado mzima kwenye skrini, na anauliza swali ambalo video haiwezi kulijibu: "Kiwanda cha Kibaha kinatengeneza dawa yenye bakteria wanaoua viluwiluwi. Ili dawa ifanye kazi, lazima kiluwiluwi aimeze. Leo asubuhi tumeiweka kwenye dimbwi lenye viluwiluwi na pupa. Kesho kutwa, tutaona mbu wakitoka au hatutaona?" Wanajadili wawili wawili kwa dakika moja na nusu. Jibu ni kwamba viluwiluwi wanaoendelea kula watakufa, lakini pupa watapona na kuruka, kwa sababu hawali. Hapa mtoto anatumia jambo dogo la kwenye picha kueleza kitu kilichopo wilayani kwake.

Sekunde za mwisho, mbu akijichomoa kwenye ganda na kusimama juu ya maji hadi mabawa yakauke, zinavutia sana, na kishawishi cha kuweka kituo cha tatu ni kikubwa. Mimi nisingekiweka. Swali pekee linalokuja haraka pale ni "Sasa anaitwaje?", nalo ni la kukumbuka jina. Vituo viwili vyenye kazi vinatosha kwa dakika tatu na nusu. Vikiwa vitano, watoto wanapoteza mfuatano wa hatua, na ndipo lile lalamiko la kwamba kusimamisha kunaharibu video linapokuwa na ukweli. Dawa yake ni kuicheza tena mwishoni bila kusimama hata mara moja. Safari ya pili ni tofauti kabisa, kwa sababu sasa wanajua wanachokitazama.

Kuna kipimo rahisi cha kukagua vituo vyako kabla ya kuingia darasani. Zima sauti utazame: je, swali lako linajibika kwa picha? Kisha geuza skrini usikilize tu: kama jibu lote linasikika kwenye maneno ya msimulizi, mtoto hahitaji kutazama, na swali lako limeegemea redio. Ukifanya haya jioni moja kabla, utabadilisha nusu ya maswali yako. Andika saa ya kila kituo kwenye andalio la somo, si "katikati" bali 1:22 au 2:31. Kwenye kompyuta yenye programu ya VLC, `Ctrl+T` inakupeleka kwenye dakika unayoitaka, kitufe cha nafasi kinasimamisha, na herufi `E` inasogeza picha moja moja, jambo linalosaidia sana kumkamata kiluwiluwi asiyetulia. Video iwe imeshapakuliwa. Kutegemea mtandao kipindi kinapoendelea ni kukubali kwamba video itachagua vituo vyake yenyewe.

Tunakuja kwenye kazi ya baada ya kutazama. Kazi iliyozoeleka ni "Chora na taja hatua nne za mbu." Inafanyika kwa kunakili kitabu, hivyo haikuambii kama video ilikuwa na maana yoyote. Kazi ya somo letu ni ya nje. Mwalimu anatafuta maji ya sehemu tatu kuzunguka shule: dimbwi lililo juani, kopo au tairi kuukuu, na mtaro. Maji ya mtaro ayachote mwenyewe kwa upawa, watoto wasiyaguse. Kila sampuli inawekwa kwenye bakuli jeupe, kwa sababu viluwiluwi ni wadogo na weusi-weusi, na kwenye chombo cha rangi hawaonekani. Kivuli cha mtu kikipita juu yao wote huzama, na hapo watoto husema "hamna kitu." Wasimame bila kuinamia bakuli kwa dakika mbili tatu. Wakirudi juu kupumua, ndipo kazi inaanza: amelala sambamba au ananing'inia? Kuna pupa? Andika maji yalikotoka, mkao, na hatua. Wakimaliza, maji yanamwagwa kwenye udongo mkavu, na viluwiluwi hufia hapo.

Mkao unatosha kumtenga anofelesi na wengine. Hautoshi kumtenga kuleksi na edesi, yule wa homa ya dengi, maana wote wawili wana mrija na wananing'inia. Mwalimu asiwadai watoto majina ambayo macho yao hayawezi kuyapata. Wagawe tu: sambamba, au ameinama. Matokeo yanaweza kuwa ya kusumbua: dimbwi likakosa kiluwiluwi hata mmoja, au kopo likawa na aliyelala sambamba. Yaandikwe yalivyo. Kiangazi, maji yasipopatikana, chora viluwiluwi sita ubaoni bila majina, kila mmoja na mstari wake wa maji, wawagawe na kutoa sababu. Usitege makopo ya maji shuleni ili kuwafuga.

Katika kipindi cha dakika 40 hesabu inakwenda hivi: dakika sita za maswali ya kabla, kumi na mbili za kutazama pamoja na vituo, nne za kuirudia video bila kusimama, na kumi na tano nje. Zinazobaki ni za kurudi kwenye ile idadi ya mikono ubaoni na kuuliza nani anabadilisha herufi yake, na ni bakuli gani lililombadilisha. Mtoto anayesema "nabadilisha kwa sababu video imesema" aulizwe alichokiona yeye mwenyewe.

Na kama hakuna projekta, ila kishikwambi kimoja na watoto sitini? Usikiinue juu ili wote sitini watazame kwa pamoja, wa nyuma hataona mrija wa kiluwiluwi na utampoteza. Punguza video iwe sekunde arobaini, zile tu za kuleksi na anofelesi, na kituo kimoja katikati. Makundi sita ya watoto kumi, kila kundi dakika tatu kwenye kishikwambi, huku mtoto mmoja akishika jukumu la kusimamisha pale alama ya saa uliyoiandika kwenye karatasi inapofika. Makundi mengine yanaendelea na maswali ya kabla na mchoro wa ubashiri. Kundi likishatazama lisitangaze jibu kwa wengine. Hili la mwisho lisemwe mapema na kwa ukali kidogo, kwa sababu kundi la kwanza likipiga kelele "amelala!", makundi matano yaliyobaki yatakuwa yanatazama jibu ambalo tayari wanalo.